Kibofu Kinapoachwa Peke Yake

Mtu mzima mwenye afya hukojoa mara sita au saba kwa siku, na kila mara huchukua kama nusu dakika. Ukijumlisha, ni dakika tatu au nne katika saa 24. Muda wote uliobaki kibofu hakifanyi lolote linaloonekana: kinapokea, kinatunza, kinasubiri. Ndiyo maana tunapokifikiria, tunafikiria kutoa mkojo, na tunasahau kwamba karibu maisha yake yote kibofu kiko kwenye kazi ya kuuhifadhi bila kuwa na shinikizo kubwa ndani. Kazi hiyo ya kimya ndiyo inayolinda figo, na ndiyo ya kwanza kuharibika mawasiliano kati ya ubongo na kibofu yanapokatika.

Nitaieleza kwa kumfuata kijana mmoja wa mfano, mkwezi wa minazi wa mwambao, mwenye umri wa miaka 26. Asubuhi moja kuti lililooza linamponyoka mkononi, anaanguka kwa mgongo, na pingili ya nane ya kifua inavunjika. Nimembuni mtu, ajali sikuhitaji kuibuni: anayezijua wodi za majeruhi wa mgongo huku kwetu anajua kwamba humo hulazwa walioanguka minazi na miembe, wakiwa kitanda kwa kitanda na walioangushwa na bodaboda. Kijana huyu hawezi kusogeza miguu. Hasikii chochote kuanzia juu kidogo ya kitovu hadi vidoleni. Lakini kabla hatujafika kwenye kibofu chake, tutazame kwanza kibofu kilichokuwa kizima siku moja kabla ya ajali.

Figo mbili hutengeneza mkojo kiasi cha mililita moja kwa dakika, zaidi ya hapo ukinywa maji mengi. Mkojo huo hauchuruziki wenyewe kwenda chini. Mirija miwili inayotoka kwenye figo huusukuma kwa mikazo midogo midogo, mara chache kila dakika, na kuutema kibofuni kidogo kidogo. Inapofika kwenye kibofu, mirija hiyo haiingii wima. Hupita mshazari ndani ya ukuta, hivyo kibofu kinapojaa ukuta wenyewe huibana, na mkojo haupati njia ya kurudi juu. Msomaji aliweke jambo hili akilini, kwa sababu usalama wa figo unategemea mbano huo, na shinikizo kubwa linaweza kuushinda.

Ukuta wa kibofu umefumwa kwa msuli unaoitwa detrusa. Madaktari hupima shinikizo la ndani kwa sentimita za maji, yaani urefu wa safu ya maji ambayo shinikizo hilo lingeweza kuisimamisha. Kwa kibofu kizima, kutoka kikiwa kitupu hadi kifikishe mililita 400, shinikizo la msuli wake kwa kawaida halizidi sentimita 10. Kiasi kinaongezeka mara nyingi, shinikizo linabaki pale pale. Sehemu ya sababu ni maumbile ya ukuta wenyewe, ambao hukunjuka na kutanuka kwa urahisi. Sehemu nyingine ni neva.

Hapo inabidi tuingie ndani ya mgongo. Ndani ya mfereji wa pingili hupita ugwe wa mgongo, mkanda wa neva unaounganisha ubongo na mwili. Kibofu kinahudumiwa na sehemu zake mbili. Ya kwanza iko mwishoni mwa kifua na mwanzoni mwa kiuno. Neva zinazotoka hapo hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: humlegeza detrusa, na huikaza shingo ya kibofu, yaani msuli wa ndani unaobana mkojo usitoke. Huo hatuuamrishi kwa hiari. Sehemu ya pili iko kwenye ncha ya chini kabisa ya ugwe, na neva zake hutokea kwenye matundu ya sakramu, lile pande la mfupa lililo juu ya kitonoko. Tuiite kituo cha chini. Kutoka hapo hutoka neva za aina mbili zenye kazi zinazopingana: moja humwamuru detrusa ajikaze na kusukuma mkojo, nyingine hukaza msuli wa nje wa kubana, ule ambao mtu anaweza kuukaza kwa kutaka mwenyewe akiwa kwenye foleni ya choo.

Chembe za neva zinazoendesha msuli huo wa nje zimekusanyika kwenye fungu dogo ndani ya kituo cha chini. Daktari Bronislaw Onuf alilieleza fungu hilo mwaka 1899, na hadi leo linabeba jina lake. Ni chembe za ajabu kidogo. Ugonjwa wa polio huua chembe za ugwe zinazosogeza miguu na mikono, lakini chembe za Onuf kwa kawaida huponea. Wazee wengi tunaowajua, waliopooza miguu kwa polio tangu utotoni, hawakupoteza uwezo wa kuzuia mkojo.

Kibofu kinapojaa, ukuta unavutwa, na habari za mvuto huo husafiri hadi kwenye ugwe. Huko huzaa jibu la papo hapo: shingo ya kibofu inakazwa, detrusa analegezwa, msuli wa nje unaongezewa nguvu. Mkojo ukizidi, mbano nao unazidi. Ukikohoa au ukiinua ndoo ya maji, msuli wa nje hukazwa mara moja kabla hujawaza. Tendo la aina hii, linalojiendesha ndani ya ugwe bila kusubiri amri, ndilo linaloitwa refleksi. Hii ni refleksi ya ulinzi, na kwa saa 23 na zaidi kila siku ndiyo inayoshika zamu.

Habari hizo hizo hupanda pia hadi ubongoni, na huko ndiko zinakogeuka kuwa hisia. Kwa watu wengi wazima dalili ya kwanza kwamba kuna kitu kibofuni hupatikana mkojo ukifika kama mililita 150 hadi 200. Haja inayomfanya mtu aanze kutafuta choo huja baada ya 300, na ikifika 400 au 500 anabanwa. Kipokezi kimojawapo kinachohisi mvuto huo sasa kinajulikana kwa jina: ni protini iitwayo Piezo2, ya jamii ile ya vipokezi vya mguso iliyomfanya Ardem Patapoutian awe mmoja wa washindi wawili wa Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 2021. Wako watu wachache waliozaliwa bila Piezo2 inayofanya kazi. Watafiti waliowahoji waligundua kwamba baadhi yao hupitisha sehemu kubwa ya siku bila kusikia haja, na huenda chooni kwa kufuata ratiba.

Sasa tufike chooni. Mtu ameketi au amesimama mahali pake, ameamua. Kinachotokea kina mpangilio, na mpangilio huo ndio moyo wa makala haya. Kwanza msuli wa nje unalegea. Kifaa kinachonasa umeme wa misuli huonyesha ukimya wa ghafla. Shingo ya kibofu inafunguka, na detrusa anajikaza: shinikizo linapanda hadi sentimita 40 au 60 kwa mwanaume, mara nyingi chini ya hapo kwa mwanamke ambaye njia yake ya mkojo ni fupi. Kwa sababu njia imeshafunguka, shinikizo hilo linadumu kwa sekunde chache tu na mkojo unatoka kwa mkondo mmoja usiokatika. Kibofu kinabaki karibu kitupu, kisha kila kitu kinarudi kwenye ulinzi.

Ni nani anayepanga kwamba mbano uachie kwanza na msukumo ufuate? Jibu lilitafutwa London na daktari mpasuaji, Frederick Barrington, aliyefanya majaribio kwa paka na kuyachapisha mwaka 1925. Alipoharibu sehemu ndogo kwenye ponsi, ule uvimbe ulio mbele ya shina la ubongo, paka hao hawakuweza tena kumaliza mkojo. Kwa hiyo kituo kinachopanga mambo hakimo kwenye ugwe. Kiko juu, kwenye ponsi, mbali sana na kibofu. Kituo cha ponsi hutuma amri mbili kwa pamoja kwenda kituo cha chini: kwa detrusa, jikaze, kwa fungu la Onuf, achia. Kituo cha chini peke yake kinaweza kutoa amri ya kwanza. Cha pili hakikiwezi.

Juu ya ponsi kuna ngazi nyingine. Habari za kujaa kwa kibofu hufika kwanza kwenye eneo la kijivu lililo katikati ya shina la ubongo, juu kidogo ya ponsi, na eneo hilo ndilo linaloweza kuiamsha ponsi. Lakini kwa mtu mzima halifanyi hivyo bila idhini ya gamba la ubongo, hasa sehemu ya mbele nyuma ya paji la uso. Mtoto mchanga bado hana idhini hiyo: kibofu kikijaa kidogo, ponsi inaamka, mkojo unatoka, na hutoka vizuri kwa sababu mpangilio upo. Kati ya miaka miwili na minne hivi sehemu ya mbele ya ubongo inapokomaa, mtoto huanza kusema ngoja. Mwaka 1964 madaktari wawili wa London, Andrew na Nathan, walieleza habari za wagonjwa wenye uvimbe au jeraha kwenye sehemu hiyo ya mbele. Wagonjwa hao walibanwa ghafla na kujikojolea. Hawakuwa wamepoteza aibu wala akili. Wengi walihuzunishwa sana na hali yao. Walichopoteza ni uwezo wa kuahirisha. Ndicho hicho tunachokiona kwa baadhi ya wazee waliopata kiharusi: haja inakuja bila kupiga hodi, mkojo unatoka wote kwa mkondo mzuri, na kibofu kinabaki kitupu.

Idhini hiyo imewahi kuonekana ikifanya kazi. Mwaka 1997 watafiti wa Groningen, Uholanzi, Bert Blok na Gert Holstege na wenzao, waliwalaza wanaume 17 wenye afya kwenye mashine ya kupiga picha ya mtiririko wa damu ubongoni, vibofu vyao vikiwa vimejaa, wakawaomba wakojoe wakiwa wamelala pale pale. Kumi waliweza, na kwenye picha zao ponsi iliwaka mahali palepale ambapo mtu angepategemea kutokana na kazi ya Barrington. Saba hawakuweza, ingawa walitaka. Kwao iliwaka sehemu nyingine ya ponsi, iliyo chini kidogo, inayohusishwa na kukaza. Hakuna kilichokuwa kimeharibika kwa wanaume hao saba. Mahali hapakuwa salama vya kutosha kwa ubongo wao, basi.

Turudi kwa mkwezi. Pingili yake ya nane ya kifua imevunjika na ugwe umekatika hapo. Juu ya jeraha, gamba la ubongo na ponsi ni vizima. Chini ya jeraha, kituo cha chini ni kizima, neva zake ni nzima, kibofu chenyewe ni kizima. Kilichokatika ni njia ya mawasiliano tu.

Katika siku za mwanzo ugwe ulio chini ya jeraha hunyamaza kabisa. Madaktari huita hali hii mshtuko wa ugwe. Kibofu kinalegea, hakijikazi hata kijae vipi, na mgonjwa hasikii haja. Mkojo unafika mililita 800, unafika lita moja, na mwishowe unaanza kudondoka matone kwa sababu hakuna pa kuuweka. Ndugu wanaweza kuona shuka lina unyevu wakadhani anakojoa, kumbe kibofu kimefurika. Ukipapasa chini ya kitovu unakuta uvimbe mgumu wa mviringo. Hospitali humwekea mpira wa mkojo tangu saa za kwanza, na hiyo ndiyo sababu: kibofu kikivutwa kupita kiasi hata kwa siku chache, msuli wake huweza kuumia usirudi tena kama ulivyokuwa.

Wiki zinapita. Mara nyingi kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili, kituo cha chini kinaamka. Lakini kinaamka bila ponsi. Nyuzi ndogo za neva kutoka kwenye ukuta wa kibofu, ambazo kwa mtu mzima hukaa kimya au huleta habari za maumivu na baridi, sasa ndizo zinazoendesha refleksi mpya ndani ya ugwe. Inaamshwa na mkojo kidogo, pengine mililita 150. Detrusa anajikaza ghafla. Msuli wa nje nao, badala ya kuachia, unakazwa pamoja naye, kwa kuwa refleksi ya ulinzi bado ipo na hakuna anayeizima. Ni kama mtu aliyefungulia bomba hadi mwisho huku akiuminya mdomo wa mpira wa kumwagilia maji. Maji yanatoka, tena kwa kurukaruka, lakini nguvu nyingi inabaki nyuma, ndani ya mpira.

Nyumbani siku hiyo huwa ni siku ya furaha. Kijana ametolewa mpira, na leo amekojoa mwenyewe. Mama anamshukuru Mungu, jirani anasema mgongo umeanza kupona. Naielewa furaha hiyo na siibezi. Lakini hiki ndicho kipindi cha hatari kuliko vyote, na ni lazima familia ielezwe mapema, kabla hawajatoka wodini.

Hebu tupime. Kijana amekunywa kama kawaida, na baada ya saa nne mkojo unatoka wenyewe: unarushwa, unakatika, unarushwa tena. Unakingwa kwenye jagi lenye alama, zinapatikana mililita 120. Mara tu baada ya hapo muuguzi anapitisha mpira na kutoa uliobaki: mililita 350. Kumbe kibofu kilikuwa na mililita 470 na kimetoa kama robo tu. Akipelekwa kwenye kipimo cha shinikizo, ambapo mpira mwembamba wenye kihisio huingizwa kibofuni na maji kujazwa polepole, mchoro utaonyesha kibofu kikijikaza hadi sentimita 80 au 90, na badala ya sekunde chache shinikizo hilo hudumu dakika nzima au zaidi, mara nyingi kwa siku. Msuli wa nje kwenye mchoro wa umeme haunyamazi. Unalia kwa nguvu wakati ule ule.

Kwa nini idadi hizo zinatisha? Kwa sababu mkojo kutoka kwenye figo unapaswa kuingia kibofuni, na hauwezi kuingia mahali penye shinikizo kubwa kuliko nguvu ya mirija. Mwaka 1981 Edward McGuire na wenzake nchini Marekani waliwachunguza watoto waliozaliwa na mgongo wazi. Wale ambao kibofu chao kilivuja tu baada ya shinikizo kuzidi sentimita 40, wengi wao walikuwa na mirija iliyotanuka au mkojo unaorudi kwenye figo. Wale ambao kibofu kilivuja chini ya hapo hawakupata mkojo unaorudi, na ni wachache sana walioonyesha mirija kutanuka. Tangu hapo sentimita 40 imebaki kuwa mpaka unaoangaliwa na madaktari. Kuvuja kwa watoto hao kuliwalinda. Aliyekuwa mkavu ndiye aliyekuwa akiumia.

Kwa kijana wetu, miezi ikipita bila matibabu, detrusa anayesukuma dhidi ya njia iliyobanwa anakuwa mnene. Ukuta unakuwa mgumu, unaota vifuko. Ule mbano wa mirija ndani ya ukuta unashindwa, na mkojo unapanda. Mkojo unaobaki kila siku unaoza, unaleta homa na mawe. Figo zinatanuka na kufa taratibu, bila maumivu, kwa sababu mahali hapo hasikii. Kwa miongo mingi ya karne ya 20, maradhi ya figo yalikuwa miongoni mwa vinyakuzi vikubwa vya maisha ya waliovunjika uti wa mgongo. Hali ilianza kubadilika baada ya Ludwig Guttmann kufungua kitengo cha majeruhi wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, na kulifanya suala la kibofu kuwa kazi ya kila siku ya wodi badala ya jambo la kungojea lijirekebishe.

Jeraha lingekuwa mahali pengine, habari ingekuwa nyingine, na hapa watu wengi huchanganyikiwa. Ugwe ni mfupi kuliko mgongo. Huishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, kwa hiyo kituo cha chini hakiko usawa wa sakramu. Kiko usawa wa makutano ya kifua na kiuno. Pingili ya hapo ikivunjika, kituo chenyewe huharibika. Refleksi hairudi, kibofu kinabaki legevu, na msuli wa nje mara nyingi unalegea pia. Mgonjwa wa namna hii huvuja akikohoa au akihamia kwenye kiti, na shinikizo lake aghalabu huwa dogo. Kifua kikuu cha uti wa mgongo kinaweza kuleta hali yoyote kati ya hizi, kutegemea kimekula pingili ipi. Ndiyo maana swali la daktari kuhusu mahali hasa palipoumia, ambalo ndugu hudhani linahusu miguu tu, linahusu kibofu vile vile.

Tiba iliyookoa figo nyingi kuliko zote ni rahisi. Mwaka 1972 Jack Lapides wa Chuo Kikuu cha Michigan alitangaza kwamba wagonjwa wanaweza kujipitishia mpira wenyewe, kuutoa mkojo wote, kisha kuuchomoa, mara kadhaa kwa siku, na kwamba haukuhitajika usafi wa chumba cha upasuaji. Usafi wa kawaida ulitosha. Wengi walishtuka. Hoja yake ilikuwa kwamba kinachokaribisha maambukizi hasa ni kibofu kilichojaa na kuvutwa, ambacho ukuta wake haupati damu ya kutosha. Kibofu kinachotolewa mkojo kwa wakati huweza kujitetea dhidi ya vijidudu vichache.

Kijana wetu ana mikono mizima, kwa hiyo anafundishwa. Ananawa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Anasafisha uume, anaupaka mpira mafuta laini ya maji aliyopewa kliniki, anauinua uume kuelekea tumboni ili njia inyooke, kisha anausukuma mpira polepole. Ukifika kwenye msuli wa nje unagoma. Haulazimishi, anavuta pumzi, anasubiri msuli uchoke, na mpira unapita. Mkojo ukianza kutoka anausukuma sentimita mbili tatu zaidi. Ukikoma, anauchomoa taratibu akisimama kidogo kila matone yanapojitokeza tena. Anaangalia jagi na kuandika. Hufanya hivyo mara nne hadi sita kwa siku, na shabaha yake ni kwamba mpira usitoe zaidi ya mililita 400 au 500 kwa mara moja. Akikuta 700, maana yake amechelewa, au amekunywa kupita ratiba, na anasogeza saa.

Mpira peke yake hautoshi ikiwa detrusa bado anajikaza kwa nguvu kati ya saa hizo. Hapo daktari huongeza dawa ya kumlegeza, kama oksibutinini, ambayo huzuia ujumbe wa neva usifike kwenye msuli. Inakausha mdomo na kufunga choo, na wengine huiacha kwa sababu hiyo, lakini kwa mwenye shinikizo kubwa si dawa ya starehe. Kuminya tumbo ili mkojo utoke, jambo ambalo wagonjwa wengi huonyeshana, ni la kuachwa kabisa kwa mtu wa aina hii: mkono unaongeza shinikizo juu ya njia iliyofungwa, na unayesukumwa ni mkojo kuelekea figo.

Kuna onyo moja kwa wale walioumia juu zaidi ya kijana huyu, shingoni au kwenye pingili ya sita ya kifua kwenda juu. Kwao kibofu kilichojaa au mpira uliojikunja unaweza kuamsha neva za chini ya jeraha zikabana mishipa ya damu bila ubongo kuweza kuzituliza. Kichwa kinauma kwa kupasuka, uso unakuwa mwekundu na kutoka jasho, mapigo yanapungua, na shinikizo la damu linapanda hadi kiwango cha kuleta kiharusi. Mketishe mara moja, mlegezee nguo, kisha tazama mpira: umejikunja, umeziba, mfuko umejaa? Utoe mkojo taratibu. Hali isipotulia ndani ya dakika chache, ni ya kukimbilia hospitali.

Kwa wenye mgonjwa nyumbani, basi, nina ombi. Msihesabu shuka kavu wala shuka bichi kuwa habari ya kupona. Nunueni jagi lenye alama na daftari, andikeni kiasi kinachotoka chenyewe na kiasi kinachobaki kwenye mpira, na mwende nalo daftari hilo kliniki. Mwombeni daktari altrasaundi ya figo kila mwaka hata kama mgonjwa hana homa wala malalamiko, kwa sababu yeye mwenyewe hatasikia figo zikiharibika.